Bei Ionekane Kabla ya Jina la Duka

Katika siku za mwisho za Ramadhani, mtu akishuka matatu Barabara ya Digo, Mombasa, na kukata kuelekea Mtaa wa Biashara, huenda akapewa vipeperushi kadhaa kabla hajafika duka alilolikusudia. Anavipokea huku akitembea, mkono mmoja una mfuko, mtoto yuko nyuma yake na mkokoteni unapiga kelele apishwe. Karatasi anaitupia jicho mara moja. Katika jicho hilo moja anaamua kuitia mfukoni au kuiacha ianguke. Mfanyabiashara aliyelipia karatasi elfu nzima hana nafasi nyingine ya kumweleza mteja huyo anauza nini na kwa bei gani.

Ziokote zile zilizoanguka uzitazame. Nyingi zimechapwa vizuri na karatasi yake inang'aa, rangi zake zimekolea. Lakini kilicho kikubwa kuliko vyote ni jina la duka, limetiwa kivuli na wakati mwingine limepindwa kama upinde. Chini yake limeandikwa neno OFA mara tatu. Kisha zinafuata picha tisa au kumi na mbili za bidhaa, na bei zimebanwa kwenye pembe za picha hizo kwa herufi ambazo mtu mzima hazisomi bila miwani. Mpita njia amejulishwa kwamba kuna duka na kwamba duka hilo limefurahi. Lile ambalo lingemfanya ageuze njia, hajaambiwa.

Kosa hili halitokani na uvivu wa wasanifu wetu. Linatokana na mazungumzo yanayofanyika dukani kabla ya kuchapa. Kijana analeta sampuli, mwenye duka anaitazama, halafu anauliza: "Mwanangu, mbona jina langu umelifanya dogo hivi?" Kijana anajibu kwa adabu, "Samahani mzee, nitalikuza," na jina linakuzwa. Linapokuzwa, bei inasogea. Mke wa mwenye duka naye anataka picha ya mabaibui iongezwe, basi bei inasogea tena. Hakuna aliyeamua kwamba bei iwe ndogo. Imebakishiwa tu nafasi iliyosalia.

Jibu la swali la mzee yule liko umbali wa hatua chache, katika Mtaa wa Biashara wenyewe. Biashara ya Kaderdina Hajee Essak ilianza mwaka 1887, na leso zake zinajulikana pwani nzima kwa maandishi "Mali ya Abdulla". Chukua mojawapo uitandaze. Pindo linazunguka pande zote nne. Mji uko katikati na una nafasi yake. Jina la leso, yale maneno ambayo mwanamke ananunua ili yasomwe na fulani, yamewekwa upande wa chini wa mji kwa herufi kubwa zilizo wazi. Na Abdulla yuko wapi? Yuko kando, kwa maandishi madogo, pamoja na namba ya mtindo. Mwenye mali hakutia jina lake katikati ya mji, na bado hakuna jina la mfanyabiashara wa leso linalojulikana kuliko lake. Mnunuzi alipewa kwanza alichokuja kukitafuta, kisha akatafuta mwenyewe ni nani aliyekitengeneza.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufanyie kazi mpaka mwisho. Tuseme duka la leso linataka kuuza jozi kwa shilingi 500 badala ya 650, kwa wiki moja. Karatasi ni A5, yaani upana wa milimita 148 na urefu wa milimita 210, imesimama. Hiyo ndiyo saizi inayotumika sana kwa sababu karatasi moja ya A4 inatoa mbili na mkono unaishika bila kuikunja.

Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwenye karatasi ya kawaida mambo yote yanayotakiwa kuwemo, halafu yagawe katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni lile ambalo mtu asipoliona hakuna haja ya kuona mengine: leso, na shilingi 500. Fungu la pili ni yale anayoyauliza mara tu baada ya kuvutiwa: ni jozi au kipande kimoja, bei ya kawaida ilikuwa ngapi, ofa inaisha lini, duka liko wapi. Fungu la tatu ni yale anayoyahitaji akishaamua kuja: simu, saa za kufungua, namba ya Lipa na M-Pesa. Jina la duka liko wapi? Kwa duka ambalo mteja halijui, jina linaingia fungu la pili pamoja na mahali, kwa sababu kazi yake ni kumsaidia kufika. Ndugu mwenye duka akikataa, mwulize kama yeye mwenyewe amewahi kuvuka barabara kwa sababu ya jina la duka asilolijua.

Mafungu haya matatu lazima yatofautiane kwa ukubwa kiasi cha kuonekana bila kupimwa. Hapa ndipo wengi wanapokosea hata baada ya kupanga vizuri. Wanaweka bei kwa pointi 40, maelezo kwa 32 na simu kwa 28, na matokeo yake yote yanapiga kelele kwa sauti moja. Kanuni ninayoiamini ni kwamba kila ngazi iwe angalau mara mbili ya ile iliyo chini yake, na ngazi ya juu kabisa iachwe mbali zaidi. Kwa mfano wetu, tarakimu 500 ziwe pointi 150, maneno ya fungu la pili yawe kati ya 28 na 36, na fungu la tatu liwe 12 mpaka 14. Hakuna haja ya ngazi ya nne. Ukiona unaihitaji, kuna jambo halikustahili kuwemo kwenye karatasi hiyo.

Pointi 150 inasikika kama upuuzi mpaka uipime. Pointi moja ni kama milimita 0.35, na tarakimu huchukua takriban asilimia 70 ya ukubwa wa fonti. Kwa hiyo 500 yetu itakuwa na kimo cha milimita 37 hivi. Watengenezaji wa mabango wana kanuni ya zamani kwamba herufi ya inchi moja, yaani milimita 25, inasomeka vizuri kutoka futi 10, kama mita tatu. Basi bei yetu inasomeka kutoka mita nne na zaidi, karatasi ikiwa bado mkononi mwa kijana anayezigawa. Bei ya pointi 14, ambayo kimo chake ni milimita tatu na nusu, kwa kanuni hiyo hiyo inataka karatasi iwe sentimita 40 kutoka machoni. Tofauti ni kwamba ya kwanza inamfanya mtu anyooshe mkono kupokea, na ya pili inamtaka awe ameshapokea, amesimama, na ametulia.

Upana nao una mipaka yake. Ukiacha pambizo ya milimita 8 kila upande, unabakiwa na milimita 132. Tarakimu moja nene ya pointi 150 hula milimita 29 hivi, kwa hiyo tatu zinachukua 87, na "Sh" ndogo inapata mahali pake upande wa kushoto. Bei ingekuwa 1,250, tarakimu nne na mkato wake zingemaliza karatasi yote. Hapo shuka mpaka pointi 110, au tumia fonti nyembamba iliyosimama. Usizibane tarakimu za fonti pana kwa kuzisukuma kutoka pande mbili, maana mistari yake ya wima inakonda, ya ulalo inabaki minene, na bei inaonekana kama imegongwa na gari.

"Sh" iwe theluthi ya kimo cha tarakimu na ipandishwe juu kidogo. Mkia wa "/=" tunaoupenda sana uondolewe, au ubaki mdogo vile vile, kwa sababu ukiwa mkubwa sawa na bei, jicho linasoma alama nne au tano badala ya tatu. Napendelea pia bei kamili kuliko 499. Mia tano ni noti inayojulikana na kila mtu, haihitaji kusomwa, inatambuliwa tu. Bei ya kawaida, 650, iwekwe karibu na mpya, kwa pointi 28 na mstari mmoja mwembamba uliopita juu yake. Mstari usiifute kabisa, kwa sababu 650 isiyosomeka haimwambii mtu kwamba ameokoa 150.

Je, tungeandika "Punguzo la asilimia 23" badala ya 500? Kwa leso, hapana. Mama wa Mombasa anajua bei ya leso kuliko anavyojua bei ya nauli, na akiona 500 hesabu imeshafanyika kichwani. Asilimia inamlazimisha ajue kwanza ni ya bei ipi. Inafaa tu pale duka linapopunguza bidhaa nyingi zenye bei tofauti, na hata hapo ni vizuri kutaja bidhaa moja na bei yake kama ushahidi.

Turudi kwenye karatasi. Juu kabisa tunaweka mstari mmoja, "Leso, jozi moja", kwa pointi 36. Chini yake inakaa 500, na kuizunguka tunaacha nafasi tupu ya milimita 10 kila upande. Nafasi hiyo ndiyo mwenye duka atakayotaka kuijaza. Atasema amelipia karatasi nzima. Mwambie kwa upole kwamba nafasi ile inafanya kazi kuliko picha yoyote atakayoiweka, kwa kuwa jicho huvutwa na kitu kilichotengwa na vingine. Tarakimu kubwa iliyozungukwa na nyota, miale ya jua na puto hupotea ndani ya makorokoro hayo ijapokuwa ni kubwa.

Picha iwe moja. Leso iliyokunjwa hata ikaonyesha pindo na sehemu ya mji inatosha, ikichukua kama theluthi ya karatasi chini ya bei. Picha ina nguvu ya kuelekeza, kwa hiyo leso ikunjwe hivi kwamba kona yake inaelekea kwenye bei. Ukitumia picha ya msichana aliyejifunga leso, macho yake yasitazame nje ya karatasi, kwa sababu sisi sote hufuata mtu anapotazama. Chini ya picha yafuate mahali, tarehe ya mwisho na jina la duka, kisha mstari wa fungu la tatu. Angalia sana nembo za malipo. Kijani cha M-Pesa kimebuniwa kionekane kutoka mbali, na nembo hiyo ikiwekwa kwa rangi zake kamili na ukubwa wa sentimita tatu, itashindana na bei na pengine kuishinda. Maandishi ya kawaida, "Lipa na M-Pesa" na namba, yanatosha.

Kuhusu lugha, tarakimu ina baraka ya kutohitaji kutafsiriwa. Kisiwa hiki kinasoma Kiswahili, Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati, na mwenye duka hutaka kumridhisha kila mmoja. Lakini kuandika ofa mara mbili kwa ukubwa sawa ni kuigawa nguvu yake mara mbili. Chagua lugha ya wateja wako wengi kwa fungu la kwanza na la pili, halafu lugha nyingine ipate mstari mmoja chini. Na wale wanaopenda kuanza na Bismillahi juu ya karatasi, nia yao ni njema, lakini karatasi hii itakanyagwa barabarani kabla ya magharibi. Itamkwe wakati wa kufungua duka, isichapwe kwenye kitu kitakacholala mtaroni.

Rangi ina habari yake hapa kwetu. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe rangi nyeupe yenye pambizo za buluu. Tangu hapo, kipeperushi cha buluu na nyeupe kilichobandikwa mlangoni au kinachoning'inia mbele ya duka kinayeyuka ukutani. Manjano iliyokolea yenye tarakimu nyeusi huonekana hapo mara moja, na nyekundu nzito yenye tarakimu nyeupe huonekana vilevile. Manjano juu ya nyeupe haionekani kabisa, ingawa kwenye skrini ya kompyuta ilipendeza. Rangi ya nguvu itumike mahali pamoja tu, yaani kwenye bei. Nyekundu ikitumika kwenye bei, kwenye jina, kwenye fremu na kwenye simu, imekuwa rangi ya karatasi na haionyeshi tena chochote.

Wapo pia wanaochapa kwa mashine ya fotokopi nyeusi na nyeupe ili kubana matumizi. Hao wakumbuke kwamba nyekundu na kijani kibichi vyote hutoka kijivu cha aina moja. Bei nyekundu juu ya kijani, iliyokuwa ikiwaka kwenye skrini, inatoka kama doa. Ngazi zilizojengwa kwa ukubwa na nafasi hubaki zimesimama kwenye fotokopi. Zilizotegemea rangi peke yake huanguka.

Na siku hizi karatasi yenyewe ni nusu tu ya kazi. Muundo ule ule hutumwa kwa WhatsApp, na huko hupungua. A5 ikionekana kwenye mazungumzo ya simu ya kawaida huwa na upana wa sentimita sita hivi, yaani asilimia 40 ya ulivyoupanga. Bei yetu ya milimita 37 inabaki na milimita 15, bado inasomeka mtu akiwa anapitisha kidole. Maandishi ya pointi 14 yanakuwa chini ya pointi sita, na watu hawakuzi picha ili kutafuta namba ya simu. Kwa hiyo ukituma, andika simu na mahali kwenye ujumbe wenyewe chini ya picha. Kwa stetasi, tengeneza nakala nyingine ya pikseli 1080 kwa 1920, bei ikae katikati, kwa sababu sehemu ya juu hufunikwa na jina la anayetuma na ya chini hufunikwa na nafasi ya kujibu.

Bei ikishakuwa kubwa hivi, wajibu nao unakua. Tatizo la kawaida ni neno "kuanzia". Duka linaandika 300 kwa tarakimu kubwa na "kuanzia" kwa herufi za chungu, mteja anatoka Likoni, anavuka kivuko, anafika na kuambiwa za 300 ni zile tatu za pembeni zilizopauka. Hapo unasikia, "Ami, si mmeandika mia tatu hapa?" na karatasi inawekwa mezani mbele ya wateja wengine. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kauli za uongo au za kupotosha kuhusu bei, lakini hata bila sheria, mtu huyo harudi. Sharti lolote linalobadilisha maana ya bei, kama "kuanzia", "kipande kimoja" au "ukinunua mbili", lazima liguse bei yenyewe na liwe katika fungu la pili. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" ikae chini ikipenda, mradi isifiche jambo ambalo lingemzuia mtu asije.

Kuna maduka ambayo mpango huu hauyafai, na ni haki kuyataja. Sonara wa Mji wa Kale anauza kwa gramu, na bei ya dhahabu inabadilika kila siku. Akichapa bei kubwa leo, Jumatatu ijayo ama anapata hasara ama anaonekana mwongo. Kwake kitu cha kwanza kiwe ofa anayoimiliki mwenyewe, kwa mfano ujira wa kutengeneza kupunguzwa nusu, na bei ya gramu iulizwe dukani. Muuza masanduku ya kale na vitu vya shaba karibu na Ngome ya Yesu naye anaishi kwa kupatana bei. Bei iliyochapwa inageuka kuwa mahali pa kuanzia kushuka, na hakuna mteja atakayelipa zaidi ya hapo. Yeye aongoze na picha ya kitu kimoja kilicho bora. Bei kubwa ni ya bidhaa ambayo mnunuzi anaijua, anailinganisha, na anaweza kuinunua siku hiyo hiyo: leso, mchele, tende, viatu vya skuli, kanzu za Idi.

Nanyi wenye maduka, msiidhinishe kazi kwa kuitazama kwenye skrini ya kijana. Agizeni ichapwe nakala moja kwa ukubwa wake halisi, mtoke nayo barazani, mumwonyeshe mpita njia asiyewajua kwa muda wa kuhesabu mpaka tatu, kisha mwifiche nyuma ya mgongo. Muulizeni ameona nini. Akitaja leso na mia tano, chapeni. Akitaja jina la duka, au akisema ameona rangi nzuri, irudisheni kazi hiyo kabla hamjalipia karatasi elfu.